Mistari Mitano, Sensa Mbili: Namna ya Kuchora Chati ya Mwinamo

Mwenye kukabidhiwa jedwali la hesabu za makundi kadhaa, zilizochukuliwa mara mbili kwa nyakati mbili zilizo mbalimbali, akatakiwa awaonyeshe wenziwe ni lipi lililosonga mbele na ni lipi lililobaki nyuma, aghalabu hukimbilia kuchora nguzo mbilimbili, ya mwaka wa kwanza kando ya ile ya mwaka wa pili, kila kundi na jozi yake. Msomaji wa mchoro huo, ambaye haja yake ilikuwa ni kuyajua mabadiliko, hulazimika kuipima kwa jicho tafauti ya nguzo za jozi ya kwanza, aihifadhi kichwani, apime tafauti ya jozi ya pili, kisha alinganishe vipimo viwili ambavyo havikuchorwa popote katika karatasi ile. Chati ya mwinamo humwondolea taabu hiyo, kwa kuwa mabadiliko yenyewe ndiyo yanayotiwa wino: safu moja ya nukta kushoto kwa wakati wa kwanza, safu nyingine kulia kwa wakati wa pili, na kila kundi likawa na mstari mmoja ulionyooka unaoziunganisha nukta zake mbili. Mstari ukipanda, kundi limezidi, ukishuka, limepungua, na ukipanda kwa ukali kuliko wenzake, jicho huliona jambo hilo kabla ya akili kuuliza.

Aliyeipa chati hii sura tunayoijua leo ni Edward Tufte, mtaalamu wa Kimarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya namna ya kuonyesha hesabu kwa macho, ambamo alichora mapato ya serikali za nchi kumi na tano yakipimwa kwa kila mia ya pato la taifa, mwaka 1970 upande wa kushoto na mwaka 1979 upande wa kulia. Swideni ilitoka 46.9 ikafika 57.4, na nyingine zote zilipanda kwa kadiri zao, ila Uingereza peke yake, iliyotoka 40.7 ikateremka hadi 39.0, na mstari ule mmoja unaoinama kinyume na wenzake huonekana mara moja, ingawa hakuutilia rangi wala hakuuwekea mshale. Katika mchoro ule hamna mhimili wenye vipimo wala mistari ya gridi, kwa sababu kila nukta imeandikiwa jina la nchi na tarakimu yake, na tarakimu hizo zenyewe ndizo zinazofanya kazi ya mhimili.

Ili tusiseme hewani, tuchukue mikoa mitano ya Zanzibar kama ilivyohesabiwa katika sensa ya Agosti 2012 na sensa ya Agosti 2022. Mjini Magharibi ilikuwa na watu 593,678, ikawa na 893,169. Kaskazini Pemba ilitoka 211,732 ikafika 272,091. Kusini Pemba ilitoka 195,116 ikafika 271,350. Kaskazini Unguja ilitoka 187,455 ikafika 257,290. Na Kusini Unguja, ulio mdogo kuliko yote, ulitoka 115,588 ukafika 195,873. Jumla ya Visiwa ilitoka 1,303,569 ikafika 1,889,773, yaani ongezeko la asilimia 45. Tarakimu kumi si nyingi, na mtu anaweza kudhani kwamba hazina la kumtatiza mchoraji. Lakini ndani yake zimo hikaya tatu, wala hakuna mchoro mmoja unaoweza kuzisimulia zote tatu kwa pamoja, na hili ndilo jambo ambalo wengi huligundua baada ya kwisha kupiga mistari.

Tuanze na mchoro ambao kila mtu angeuanza. Twaa karatasi ya milimita ya ukubwa wa kawaida, uisimamishe wima, upige mistari miwili ya penseli iliyo wima, umbali wa sentimita sita baina yake, na uamue kwamba kila milimita moja ya kwenda juu ni watu 5,000. Kwa mizani hiyo, tangu nukta ya chini kabisa, ambayo ni Kusini Unguja ya 2012, hadi nukta ya juu kabisa, ambayo ni Mjini Magharibi ya 2022, ni kiasi cha milimita 156, na karatasi inatosha bila ya shida. Weka nukta zako, unganisha, kisha rudi nyuma hatua mbili utazame ulichokichora. Mstari wa Mjini Magharibi unapanda milimita 60 na kutawala karatasi nzima; chini yake upo uwanja mtupu wa milimita zaidi ya sitini; na chini kabisa imebanana mistari minne inayopanda milimita 12, 14, 15 na 16, takriban sambamba, kana kwamba mikoa ile minne ilikwenda mwendo mmoja.

Mchoro huo hausemi uongo. Swali unalolijibu ni hili: kila mkoa umeongezewa watu wangapi? Na jibu ni kwamba Mjini Magharibi umeongezewa karibu laki tatu, na kila mmoja wa wale wengine umeongezewa baina ya elfu sitini na elfu themanini. Anayepanga idadi ya vyumba vya madarasa au lita za maji za kila siku anahitaji jibu hilo hasa, maana mtoto mmoja ni dawati moja, awe amezaliwa mkoa mkubwa au mdogo. Wala asishawishike kuukata ule uwanja mtupu ili kuokoa karatasi. Kweli, hakuna mstari unaopita pale, na kwa hiyo mwinamo wa mistari hautabadilika, lakini umbali uliopo baina ya mjini na mashamba nao ni habari, na atakayeufuta bila ya kuweka alama bayana ya mkato atakuwa amemficha msomaji jambo.

Swali la pili ni la mwendo: kila mkoa umekua kwa nisba gani ya ule uliokuwapo? Hapo mistari minne iliyoonekana sambamba inaachana kabisa, kwa kuwa Kusini Unguja umekua kwa asilimia 69, ilhali Kaskazini Pemba umekua kwa asilimia 29 tu, na katika mchoro wa kwanza mmoja ulipanda milimita 16 na mwingine 12. Sababu ni dhahiri ukiitafakari: watu elfu themanini waliofika mahali penye laki moja na kidogo ni jambo kubwa, na watu elfu sitini waliofika mahali penye laki mbili na zaidi ni jambo la wastani, lakini mizani ya kawaida haiyajui hayo, kwayo mtu ni mtu.

Dawa yake ni mizani ya logarithimu, ambayo ndani yake kuzidi mara mbili huchukua urefu ule ule popote kulipo: kutoka 100,000 hadi 200,000 ni sawa na kutoka 200,000 hadi 400,000. Wenye duka la vifaa vya shule pengine watakuwa na karatasi iliyopigwa tayari kwa mizani hiyo, na wasipokuwa nayo kikokotoo chatosha. Kwa kila idadi, tafuta urefu wake kutoka chini kwa hesabu hii:

```
urefu (mm) = 150 × log10(idadi ÷ 100,000)
```

Kuzidi mara mbili sasa ni milimita 45. Kusini Unguja unaanza kwenye milimita 9.4 na kufika 43.8, Kaskazini Pemba unaanza 48.9 na kufika 65.2; Mjini Magharibi unaanza 116.0 na kufika 142.6. Piga mistari, na utaona kwamba ule wa Kusini Unguja, ambao katika mchoro wa kwanza ulikuwa umejiinamia chini pasipo mtu kuujali, sasa ndio mkali kuliko yote, kwa kupanda milimita 34; unafuatwa na Mjini Magharibi kwa 27, Kusini Pemba na Kaskazini Unguja zinakwenda karibu bega kwa bega kwa 21, na Kaskazini Pemba ndio uliolala zaidi kwa 16. Mistari miwili ikiwa sambamba katika karatasi hii, mikoa yake imekua kwa asilimia ile ile, hata kama ni mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa. Na kuna jambo dogo ambalo jedwali halikunionyesha mpaka nilipozitazama nukta: mwisho wa mstari wa Kusini Unguja upo kimo kimoja na mwanzo wa mstari wa Kusini Pemba, maana yake Kusini Unguja ya 2022, yenye watu 195,873, imefika pale pale ilipokuwa Kusini Pemba miaka kumi nyuma, yenye watu 195,116.

Watakaosema kwamba wananchi hawaijui logarithimu wana hoja, walakini nadhani hoja hiyo hutiliwa nguvu kupita kiasi. Maadamu kila nukta imeandikiwa idadi halisi ya watu, na juu ya mchoro pameandikwa kwa lugha nyepesi kwamba mstari mkali zaidi ni wa mkoa uliokua kwa kasi zaidi, hakuna atakayepotea. Kinachopoteza watu ni mhimili wa logarithimu uliopigwa alama zake bila ya maelezo, na sisi mhimili hatuuchori.

Swali la tatu ni la fungu: katika kila Wazanzibari mia, wangapi wanakaa mkoa huu? Mjini Magharibi ulikuwa na 45.5 katika mia, sasa una 47.3, Kusini Unguja ulikuwa na 8.9, sasa una 10.4, na mikoa mitatu iliyobaki imeshuka yote, Kaskazini Pemba kutoka 16.2 hadi 14.4, Kusini Pemba kutoka 15.0 hadi 14.4, na Kaskazini Unguja kutoka 14.4 hadi 13.6. Hapa pana hatari kubwa kuliko zote, na yataka hadhari. Mistari mitatu inainama kwenda chini, na mtu mwenye haraka, aliyeuona mchoro ukutani pasipo kusoma maandishi, ataondoka na yakini kwamba watu wa Pemba wamepungua, ilhali hakuna mkoa hata mmoja uliopungukiwa. Kilichotokea ni kwamba mikoa ile mitatu imekua chini ya asilimia 45, ambao ndio mwendo wa Visiwa vyote kwa jumla. Mafungu ya mia hayawezi kupanda yote pamoja: akipanda mmoja, sharti mwingine ashuke, hata kama wote wanaongezeka. Kwa hiyo mchoro wa mafungu uchorwe pale tu ambapo kugawana ndio maudhui yenyewe, kama vile kugawa viti au bajeti, na kichwa chake kitaje wazi kwamba kinachoshuka ni fungu, na idadi ya watu imeongezeka kila mahali.

Basi andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kushika rula, na sentensi hiyo ndiyo itakayokuwa kichwa cha mchoro. «Idadi ya watu Zanzibar, 2012 na 2022» si kichwa, ni jina la jedwali. «Kusini Unguja ndio uliokua kwa kasi zaidi baina ya sensa mbili» ni kichwa, na papo hapo kinakuambia uchague mizani ipi, na ni mstari upi wa kutia wino mzito wakati mingine minne ikibaki ya kijivu. Rangi tano kwa mikoa mitano haziongezi kitu, kwa kuwa majina yameandikwa mwisho wa kila mstari na hakuna wa kuchanganywa na mwenziwe.

Kuhusu majina hayo, hapa ndipo kazi ya mkono inapotaka subira. Chukua mchoro wetu wa logarithimu: herufi za kimo cha milimita 3 zinahitaji milimita 4 kutoka mstari wa maandishi hadi mstari wa maandishi. Kushoto, nukta ya Kaskazini Pemba ipo 48.9, ya Kusini Pemba 43.5, na ya Kaskazini Unguja 40.9, baina ya mbili za kwanza pana nafasi, lakini baina ya ya pili na ya tatu pana milimita 2.6 tu, na maandishi yatapandana. Yateremshe maandishi ya Kaskazini Unguja milimita moja na nusu, na usiiguse nukta yenyewe. Jicho linasamehe maandishi yaliyosogea kidogo, lakini nukta iliyosogezwa ni hesabu iliyoharibiwa. Kulia mambo ni magumu zaidi, kwa sababu Kaskazini Pemba na Kusini Pemba zimetafautiana kwa watu 741, na katika karatasi hiyo ni milimita 0.2, unene wa ncha ya kalamu. Hapo usihangaike kuwatenganisha: andika mstari mmoja wa maandishi, «Kaskazini Pemba 272,091, Kusini Pemba 271,350», kwa sababu kukutana kwao ni kweli, na atakayewatenga kwa nguvu ili mchoro upendeze atakuwa ameifuta habari iliyo nzuri kuliko nyingi za ukurasa ule.

Umbali baina ya safu mbili nao hauna kanuni iliyoshuka kutoka mbinguni, nao hubadilisha ukali wa kila mwinamo: safu zikikaribiana, kila kinachopanda kitaonekana kimeruka, na zikitengana sana, kila kitu kitaonekana kimelala. William Cleveland, aliyechunguza kwa majaribio namna jicho linavyosoma michoro, alionyesha kwamba tunatafautisha miinamo vyema zaidi inapokuwa karibu na nyuzi 45. Katika mchoro wetu mistari inapanda baina ya milimita 16 na 34, na kwa hiyo sentimita sita nilizozitaja mwanzo ni nyingi kidogo; zifanye tatu, au tatu na nusu, na mwinamo wa Kusini Unguja utafika takriban pale Cleveland alipopataka. Muhimu ni kwamba ukichora michoro miwili ya kulinganishwa, mathalani mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba, mizani na umbali viwe vile vile katika yote miwili.

Nimeiacha nyuma kazi ambayo kwa haki ni ya kwanza, nayo ni kuhakikisha kwamba nukta ya kushoto na nukta ya kulia ni za kitu kimoja. Mwenye kutaka kufanya haya haya kwa mikoa ya Tanzania Bara atakutana na Mbeya, ambayo katika vitabu vya sensa ya 2012 ina watu 2,707,410, na katika vile vya 2022 ina watu 2,343,754. Akiziunganisha nukta hizo, atapata mstari unaoshuka, na katika nchi ambayo mikoa inaongezeka watu huo utakuwa mstari wa ajabu utakaovutia kila jicho, na pengine mtu ataandika na maelezo ya kwa nini watu wanaihama Mbeya. Hakuna aliyehama: mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na watu waliohesabiwa mwaka 2012 katika eneo ambalo leo ni Songwe walikuwa 998,862, ambao ukiwatoa, Mbeya ya mipaka ya leo inabaki na 1,708,548. Kutoka hapo hadi 2,343,754 ni kupanda kwa asilimia 37. Au, kama hesabu za mipaka mipya hazipatikani, jumlisha Songwe na Mbeya za 2022, upate 3,688,441, na uchore mstari mmoja wa zote mbili. Mstari wowote unaokwenda kinyume na wenzake, au unaopanda kupita wote, ushukiwe kwanza kwa mipaka, kisha kwa namna ya kuhesabu, na baada ya hapo ndipo utafutiwe sababu katika maisha ya watu.

Kuna na la katikati. Mstari ulionyooka unampa msomaji fikra kwamba mkoa ulikua kidogo kidogo kila mwaka kwa miaka kumi, na nukta mbili hazina uwezo wa kuthibitisha hilo. Yawezekana ongezeko lote lilikuja katika miaka mitatu ya mwisho. Ukiwa na hesabu za nyakati tano au sita, chora chati ya kawaida ya mistari. Na makundi yakizidi kumi na tano hivi, kama ilivyo kwa mikoa yote ya nchi, mistari huwa kama nyavu iliyolowa na majina hayapati pa kukaa. Chagua sita yanayohusu swali lako uyataje kwa majina, na yaliyobaki uyachore kwa kijivu hafifu bila ya majina.

Anayependelea kompyuta atafanya yote haya katika Excel, ingawa haina chati yenye jina hili. Andika mikoa katika safu ya kwanza, na 2012 na 2022 juu ya safu mbili zinazofuata, ukiiacha tupu seli ya pembeni ya juu ili miaka isije ikachukuliwa kuwa ni hesabu za kuchorwa. Chagua jedwali lote, uende `Insert`, kisha `Line with Markers`. Aghalabu programu itakupa kinyume cha ulichotaka, yaani mistari miwili ya miaka ikipita juu ya mikoa mitano. Bonyeza `Switch Row/Column` na itageuka. Katika `Format Axis` ya mhimili wa wima, tia alama kwenye `Logarithmic scale`, uweke chini 100000 na juu 1000000, na ukiisha kuridhika na miinamo ndipo uufiche mhimili kwa kuchagua `None` katika `Label Position` na `No line` katika `Line`, ukafute gridi na kisanduku cha rangi. Katika mhimili wa chini, chagua `On tick marks`, ili mistari ifike ukingoni, kisha lipunguze eneo la mchoro kwa panya kutoka pande zote mbili, upate pambizo za majina. Yaliyobaki ni majina yenyewe: bonyeza nukta moja moja, iongezee `Data Label` yenye `Series Name` na `Value`, ya kushoto ikae `Left` na ya kulia ikae `Right`, na zile mbili za Pemba zilizopandana, futa moja na uiandike upya ile ya pili kwa mkono wako.